Yah: Kufuatilia ombi la kazi ya Mhasibu Msaidizi, ofisi ya Mwanza, lililotumwa tarehe 9 Juni 2025

16 Juni 2025

Ndugu Meneja Rasilimali Watu,

Salaam. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumatatu iliyopita nilituma ombi la nafasi hiyo kwa anwani hii. Najua mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Ijumaa tu, na bila shaka mna mengi ya kupitia, hivyo siandiki kuwaharakisha.

Wasiwasi wangu ni viambatisho. Vyeti nilivipiga skani kimoja kimoja, na vyote pamoja vilizidi MB 15. Barua haikurudi, lakini barua nzito kama ile huweza kuangukia kwenye barua taka na aliyeituma asijue. Kwa hiyo naambatanisha tena barua ya maombi, wasifu na vyeti katika faili moja la PDF lisilofika MB 2. Kama vya kwanza viliwafikia, msihangaike na hili. Ndani hakuna kilichobadilika.

Kuna jambo nililoligusa kwa mstari mmoja tu katika barua ya kwanza. Tangazo lenu lilitaka mtu anayeweza kushughulikia ritani za kodi. Hapa nilipo, kwenye duka la jumla la vipuri vya magari, kazi hiyo iko mikononi mwangu tangu Machi 2023: PAYE na SDL kabla ya tarehe 7 ya kila mwezi, VAT kabla ya tarehe 20. Kujaza ritani yenyewe hakuchukui muda. Kinachokula siku ni kulinganisha risiti za EFD za manunuzi na ankara za wauzaji, na kumrudia muuzaji aliyekosea tarakimu moja ya TIN yetu kabla mwezi haujafungwa. Katika muda wote huo hatujapigwa faini ya kuchelewa. Meneja wangu, ambaye ni mdhamini wa kwanza kwenye wasifu, anajua kwamba nimeomba kazi kwenu na mnaweza kumuuliza.

Nikichaguliwa, nitahitaji kumpa mwajiri wangu notisi ya siku 28. Kwa usaili naweza kufika Mwanza siku yoyote nikijulishwa siku moja kabla, kwani naishi Shinyanga.

Naomba kujua kama maombi yangu yamepokelewa na, ikiwa mmeshapanga, walioteuliwa kwa usaili watajulishwa lini. Jibu la mstari mmoja litanitosha. Namba ya simu ni ileile iliyo kwenye wasifu. Mchana simu hukaa kwenye droo ya ofisi, hivyo nisipopokea, tafadhali niachieni ujumbe mfupi. Nitapiga jioni hiyohiyo.

Natanguliza shukrani.

Wenu,
Neema

Kiambatisho: faili 1 la PDF