YAH: Ombi la kurejesha bima ya nyumba iliyokoma tarehe 15 Machi 2025, pamoja na tamko la kutotokea hasara

Rehema S. Mbwambo
Kiwanja Na. 412, Kitalu C, Mbezi Juu
Wilaya ya Kinondoni, Dar es Salaam

9 Aprili 2025

Meneja, Idara ya Uandikishaji wa Bima
Tawi la Samora, Dar es Salaam

Hati ya bima Na. FD/DSM/03/2022/00417: Moto na Majanga Yanayoambatana, na Vyombo vya Ndani

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Bima ya nyumba yangu ilikoma saa 5:59 usiku wa tarehe 15 Machi 2025 kwa sababu ada ya mwaka mpya haikuwafikia. Naomba muirejeshe kuanzia tarehe 16 Machi 2025, ili hati iendelee bila pengo.

Ada ilikwama hivi. Taarifa yenu ya kuhuisha bima ilipandisha thamani ya jengo kutoka shilingi 150,000,000 hadi 180,000,000, kufuatana na ripoti ya mthamini. Ada pamoja na Kodi ya Ongezeko la Thamani ikatoka shilingi 590,000 hadi 660,800. Tarehe 24 Februari niliipa benki yangu maelekezo ya maandishi ya kubadilisha kiasi kwenye agizo la kudumu la malipo, na nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Tarehe 10 Machi benki ilituma kiasi cha zamani. Namba ya malipo mliyotoa inapokea kiasi kamili tu, kwa hiyo muamala ulikataliwa na fedha zikarudi kwenye akaunti tarehe 12 Machi bila ujumbe wowote kunifikia. Jambo hili lilijulikana Ijumaa tarehe 4 Aprili, idara ya mikopo ya benki ilipodai hati mpya, kwa kuwa nyumba imewekwa rehani. Taarifa ya akaunti inayoonyesha fedha kutoka na kurudi nimeiambatisha.

Natambua kwamba bila ada hakuna kinga, na kwamba tangu tarehe 16 Machi nyumba haina bima. Natambua pia kwamba pengo hili limeangukia kwenye masika, hivyo mna haki ya kuuliza kama maji yameingia. Ndiyo maana tamko lifuatalo nimelieleza kwa kirefu.

TAMKO LA KUTOTOKEA HASARA

Mimi, mwenye bima niliyetajwa hapo juu, natamka kwamba kuanzia saa 6:00 usiku wa kuamkia tarehe 16 Machi 2025 hadi saa 4:00 asubuhi ya leo, tarehe 9 Aprili 2025, ninapotia saini, hakuna hasara, uharibifu, wizi wala ajali iliyotokea kwenye nyumba, uzio, banda la mlinzi au vyombo vilivyotajwa katika hati hii, na sijui tukio lolote linaloweza kuzaa madai. Hakuna jirani, mgeni, fundi wala mfanyakazi wa ndani aliyeumia au kuharibikiwa mali katika kiwanja hiki, na hakuna aliyenidai kwa mdomo au kwa maandishi.

Tamko hili linatokana na ukaguzi wa leo asubuhi, kati ya saa 1:30 na saa 3:00. Darini hakuna bati lililong'oka wala mbao yenye unyevu. Dari za jipsamu hazina doa jipya. Doa la kahawia kwenye pembe ya chumba cha wageni ni lile lililopigwa picha na mkaguzi wenu mwaka 2022, na halijaongezeka. Kuta hazina alama ya maji chini ya madirisha, na sakafu ni kavu vyumba vyote. Kwenye bodi kuu ya umeme hakuna waya ulioungua wala swichi iliyoyeyuka. Friji, televisheni, pampu ya maji na viyoyozi viwili niliviwasha kimoja kimoja, kwa sababu madhara ya umeme kukatika na kurudi kwa nguvu hayaonekani kwa macho. Vyote vinafanya kazi. Kufuli, nondo za madirisha na geti ni vizima.

Mambo mawili si hasara, lakini ni haki yenu kuyajua. Tarehe 27 Machi mvua ilijaza maji uani upande wa mashariki hadi usawa wa kifundo cha mguu kwa muda wa saa mbili hivi. Ngazi ya kuingilia iko juu zaidi na maji hayakufika mlangoni. Siku hiyohiyo tawi la mwembe lilianguka ndani ya uzio bila kugusa ukuta wala paa. Mwembe umeshapunguzwa matawi.

Hali ya nyumba ni ileile mliyoikatia bima. Tunaishi humo wenyewe, haikukaa tupu hata usiku mmoja, haijapangishwa, hakuna biashara wala ujenzi unaoendelea, na mlinzi wa usiku ni yuleyule.

Nakubali kwamba iwapo itagundulika hasara iliyotokea au kuanza ndani ya kipindi hiki, hata kama leo sijaiona, sitaidai. Nakubali pia kwamba tamko hili likiwa la uongo, urejeshwaji wa bima utakuwa batili.

*

Naomba msinirudishie thamani ya zamani ili kurahisisha malipo. Jengo la shilingi 180,000,000 likikatiwa bima ya 150,000,000, hasara ya 30,000,000 italipwa 25,000,000 tu kwa kanuni ya bima pungufu, na pengo hilo litaniangukia mimi na benki. Ada ninayokusudia kulipa ni shilingi 360,000 za jengo na 200,000 za vyombo vyenye thamani ya shilingi 40,000,000, kisha kodi ya asilimia 18, ambayo ni shilingi 100,800. Jumla ni shilingi 660,800.

Namba ya malipo ya awali imeisha muda. Mkikubali ombi hili, tafadhali nipeni mpya yenye kiasi hicho. Nitalipa siku hiyohiyo moja kwa moja, si kwa agizo la kudumu. Baada ya hapo naomba kiambatisho cha hati kinachotaja tarehe na saa ya kuanza kwa kinga, kinachobakiza jina la benki kama mwenye maslahi, na kinachohifadhi punguzo langu la kutodai la miaka mitatu. Hati ionekane pia kwenye mfumo wa TIRA, maana benki huhakiki humo.

Kama taratibu zenu haziruhusu kurudisha tarehe nyuma, naomba bima ianze siku ya malipo, na hati iseme wazi kwamba siku za pengo hazina kinga. Katika hali hiyo naomba ada ihesabiwe kwa siku zitakazobaki hadi 15 Machi 2026, au mwaka mzima mpya uanze siku hiyo. Chochote mtakachoamua, nijulisheni kwa maandishi kabla ya tarehe 17 Aprili, siku ya mwisho niliyopewa na benki. Sitachukua ukimya, wala risiti peke yake, kuwa ni kukubaliwa.

Mkaguzi wenu anakaribishwa siku yoyote kuanzia saa 2:00 asubuhi. Namba yangu ya simu ni ileile iliyomo kwenye faili.

Wenu mtiifu,

(saini)
Rehema S. Mbwambo
Mwenye bima
Saa 4:00 asubuhi, 9 Aprili 2025

Viambatisho: taarifa ya akaunti ya Machi 2025, nakala ya maelekezo kwa benki yenye muhuri wa 24 Februari, picha 22 za leo zenye tarehe na saa, ripoti ya mthamini, barua ya Ofisi ya Serikali ya Mtaa kuthibitisha kwamba nyumba haikupata moto wala mafuriko, nakala ya kitambulisho cha NIDA, tamko hili lililothibitishwa na Kamishna wa Viapo.

Nakala: Idara ya Mikopo ya benki yenye rehani, wakala wa bima.