Barua ya kuomba msimbo wangu wa kodi urekebishwe na nirudishiwe PAYE iliyokatwa zaidi

Nairobi, 11 Agosti 2025

Kwa Madam Meneja wa Wafanyakazi,
Nakala kwa mhasibu wa peiroli

Habari ya asubuhi Madam. Mimi ni Mwanaidi wa stoo, namba ya kazi 0417. Naandika juu ya PAYE yangu, imekuwa ikikatwa vibaya tangu nianze kazi hapa tarehe 3 Machi mwaka huu, na nimeona heri niweke yote kwa maandishi juu nikija ofisini mara mbili nimepata watu wamebanwa na kazi na mambo yameishia kwa mdomo tu.

Shida ni hii. Peislipi yangu kule juu, chini ya jina, imeandikwa hivi:

```
Tax Code: SEC
Personal Relief: 0.00
PAYE: 13,092.35
```

Hiyo SEC ni ya mtu mwenye hii ni kazi yake ya pili, yaani kwa P10 nimewekwa kama Secondary Employee. Mtu wa hivyo hapewi ile rilifu ya 2,400 kwa mwezi juu inachukuliwa kwamba anaipata kwa kazi yake ya kwanza. Lakini mimi sina kazi ingine Madam, hii ndio kazi yangu moja tu, kwa hivyo hiyo rilifu siipati hapa na siipati mahali pengine popote.

Najua ilianzia wapi. Siku nilikuja kusaini kandarasi, 24 Februari, kulikuwa na fomu inauliza kama niko na mwajiri mwingine, na mimi nikaweka tiki kwa ndio, juu siku hiyo bado nilikuwa namalizia notisi kule nilitoka. Nilimaliza 28 Februari. Kwa hivyo wakati nilijaza ilikuwa ukweli, na ilipofika tarehe 3 Machi haikuwa ukweli tena, lakini hakuna mtu alirudi kuniuliza na mimi sikujua hiyo tiki ndio inaamua kodi. Simlaumu mtu, nataka tu irekebishwe.

Nimeketi nikapiga hesabu ya Julai mara tatu nisije nikawasumbua bure. Mshahara wangu ni 68,000. NSSF ni 4,080, SHIF ya asilimia 2.75 ni 1,870, na hausing levi ya asilimia 1.5 ni 1,020, jumla 6,970, na hizo zote siku hizi zinatolewa kwanza kabla ya kodi. Inabaki 61,030 ya kutozwa. 24,000 za kwanza kwa asilimia 10 ni 2,400, 8,333 zinazofuata kwa asilimia 25 ni 2,083.25, na 28,697 iliyobaki kwa asilimia 30 ni 8,609.10. Ukijumlisha ni 13,092.35. Hapo peislipi yenu iko sawa kabisa hadi senti, ni vile tu imesimama hapo. Ilikuwa itoe 2,400 ya rilifu ndio PAYE ibaki 10,692.35. Tena kuna mwenzangu wa stoo tunalipwa sawa, tulikuwa tumekaa lanchi tukaweka peislipi zetu pamoja, yake inasema 10,692.35. Hapo ndio niligundua, miezi yote hiyo nilikuwa nafikiria ni zile makato mpya tu zinatumaliza sisi wote.

Kutoka Machi hadi Julai ni miezi 5, kwa hivyo ni 12,000. Mei nilifanya ovataimu kwa hivyo PAYE ya mwezi huo ni tofauti, lakini kilichokosa ni kile kile, 2,400.

Nilipouliza kwa kaunta niliambiwa pesa ikishaenda KRA haiwezi kurudi, ningoje tu mwaka uishe nitadai mwenyewe. Madam, hapo naomba tuelewane. Kosa haliko KRA. KRA wanaona tu kile kampuni imewaandikia, na kampuni imewaandikia mara tano kwamba hii ni kazi yangu ya pili. P10 iliyoenda na kosa inaweza kuamendiwa, kwa iTax upande wa Returns kuna File Amended Return, na anayeweza kufanya hivyo ni mwajiri, mimi siwezi kuingia kwa akaunti ya kampuni. Tena sheria ya fedha ya mwaka huu, Finance Act 2025, kuanzia 1 Julai inasema mwajiri ndiye anapaswa kumpa mfanyakazi rilifu na makato yote anayostahili wakati wa kupiga PAYE, sio kumwachia akajitafutie baadaye. Na nikingoja niletewe P9 yenye kosa nitafaili ritani yangu mwaka ujao kabla ya 30 Juni nikiwa nadai rifandi, halafu nikae nikingoja, na hiyo pesa ni yangu ya sasa.

Kwa hivyo ninachoomba ni hiki. Kwanza ile SEC itolewe na niwekwe Primary Employee kabla peiroli ya Agosti haijafungwa, hiyo ndio ya haraka zaidi juu ikipita tena itakuwa miezi 6. Pili, P10 za Machi, Aprili, Mei, Juni na Julai zirekebishwe, na 12,000 yangu irudi kwa peislipi ya Agosti, ama ikishindikana Agosti basi Septemba, lakini niandikiwe ni lini. Tatu, nipewe peislipi mpya za hiyo miezi, na mhasibu ahakikishe P9 yangu ya mwisho wa mwaka inaonyesha rilifu ya miezi 10, yaani 24,000. Ya Januari na Februari, 4,800, nilishapewa kule nilitoka, ukijumlisha ni 28,800 ya mwaka mzima, kwa hivyo siombi kitu mara mbili.

Nimeambatanisha barua ya kuacha kazi yenye tarehe ya 28 Februari, peislipi yangu ya mwisho ya kule, na peislipi zote 5 za hapa. Kama kuna fomu mpya ya kujaza kusema sina mwajiri mwingine niko tayari kuijaza leo leo, niko stoo hadi saa kumi na moja.

Madam, 2,400 inaweza kuonekana kidogo kwa hesabu ya kampuni, lakini kwangu ni nauli ya kutoka Pipeline hadi hapa Industrial Area karibu mwezi mzima. Na hizo 12,000 zote zingenisaidia sana saa hii, juu watoto wawili wanarudi shule mwisho wa mwezi na nilikuwa nimeanza kuulizia mkopo wa kulipa karo, mkopo wa kufunika pesa ambayo tayari niliifanyia kazi.

Pia naomba muangalie wale wengine tulioingia pamoja Machi, tulijaza fomu moja siku moja, inawezekana siko peke yangu.

Naomba jibu la maandishi kufikia Ijumaa tarehe 15 ndio tuwahi peiroli. Asante sana Madam.

Mwanaidi
Stoo, namba ya kazi 0417