Kwa mama wa mtoto wa siku nne: kumpakata, kumnyonyesha, kukamua na kutunza maziwa

Mama, hongera tena, na pole na maumivu. Jana mtoto alikuwa analia na wewe ulikuwa umechoka, kwa hiyo sikutegemea ushike yote niliyokuonyesha. Nimekuandikia ili usome taratibu akilala. Sehemu ya maziwa ya kukamua msomee na bibi yake, maana yeye ndiye atakayebaki na mtoto utakaporudi kazini.

Nianze na lililokuliza, chuchu ya kushoto. Ule mpasuko haukusababishwa na upungufu wa maziwa wala ngozi dhaifu. Mtoto anabana ncha ya chuchu badala ya kujaza titi mdomoni. Maziwa hupita kwenye vifereji vilivyo chini ya ule weusi unaozunguka chuchu. Akishika chuchu peke yake, wewe unaumia na yeye anapata kidogo, kwa hiyo anakaa titini muda mrefu, anaachia, analia, na watu wanaanza kukuambia huna maziwa. Unayo. Tukirekebisha namna anavyolishika titi, mengi yanayokusumbua sasa yatapungua.

Kabla ya kumfikishia titi, tazama mwili wake. Sikio, bega na nyonga ziwe kwenye mstari mmoja, asinyonye huku kapinda shingo. Jaribu wewe kumeza maji ukiwa umegeuza uso begani, utaelewa anavyopata shida. Tumbo lake liguse mwili wako. Mgongo na makalio yashikiliwe pia, si kichwa tu. Pua yake ielekee chuchu. Ukiyazingatia hayo, mkao wowote unaokupa raha unafaa.

Kwa sababu ya mshono wako wa upasuaji, ningependa wiki hizi uanze na mkao wa kwapani. Kaa umeegemea vizuri, weka mto ubavuni, mlaze mtoto juu ya mto huo, miguu yake ielekee nyuma yako na mwili wake uwe chini ya mkono wako. Kiganja chako kishike mabega yake na sehemu ya chini ya shingo. Tumbo lako linabaki huru kabisa, na uso wake unauona vizuri. Mama wenye pacha hupenda mkao huu, na wenye matiti makubwa pia.

Usiku, lala ubavu na yeye alale ubavu akikutazama, pua mbele ya chuchu, mto mdogo nyuma ya mgongo wako. Ukihisi usingizi unakuzidi, mrudishe kwenye sehemu yake ya kulala, tambarare na isiyo na mito wala nguo zilizorundikana. Usimnyonyeshe ukiwa umejiegemeza kwenye kochi huku unasinzia. Hapo ndipo hatari ya mtoto kubanwa na kukosa hewa ilipo kubwa.

Ule mkao wa kumpakata mbele ya kifua, ambao kila mtu anaujua, utaurudia mshono ukipoa. Mwanzoni tumia mkono ulio kinyume: akinyonya titi la kushoto, mshikilie kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ushike titi. Unapata nguvu ya kumwelekeza bila kuhangaika.

Sasa kumshikisha titi, na hapa nakuomba usiwe na haraka. Shika titi kwa dole gumba juu na vidole vingine chini, mbali na ule weusi. Usilibane katikati ya vidole viwili. Vidole vinazuia mdomo kuingia ndani. Gusisha chuchu kwenye mdomo wake wa juu, kisha subiri. Atafungua kidogo, usimpe bado. Subiri afungue mdomo wote kama anayepiga mwayo, ulimi ukiwa chini, ndipo umvute yeye kwako upesi, kidevu kikitangulia kugusa titi. Jana ulikuwa unainama kumpelekea titi. Mlete yeye kwako. Mgongo wako utakushukuru. Usimsukume kisogo pia, kwa sababu mtoto anayesukumwa kichwa hujirudisha nyuma na kukataa.

Akishika vizuri utaona kidevu kimezama titini, mdomo wa chini umegeukia nje, mashavu yamejaa bila kuingia ndani, na weusi unaoonekana juu ya mdomo wake ni mwingi kuliko wa chini. Ataanza kwa mikupuo ya harakaharaka, kisha atanyonya polepole na kwa kina, akipumzika kidogo katikati, nawe utasikia anavyomeza. Mvuto mkali wa sekunde chache za mwanzo unaweza kuwepo siku hizi. Maumivu yanayoendelea si ya kuvumilia, hata akikuambia nani kwamba ndivyo ilivyo. Ingiza kidole chako kidogo safi kwenye pembe ya mdomo wake, hewa iingie aachie, kisha anza upya. Hata mara tano. Ukimchomoa bila kufanya hivyo unazidisha kidonda.

Akimaliza, tazama chuchu. Ikitoka imebinyika upande mmoja au ina mstari mweupe, hakuingia ndani vya kutosha. Kwenye ule mpasuko paka matone ya maziwa yako na uache pakauke kwa hewa. Sabuni usipake.

Mnyonyeshe kila anapotaka, mchana na usiku, walau mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Usingoje alie. Akigeuza kichwa akitafuta, akinyonya ngumi, akilambalamba midomo, tayari ana njaa. Akishafika kwenye kilio inakuwa vigumu kumshikisha. Mwache amalize titi la kwanza mwenyewe, ndipo umpe la pili, na safari ijayo anza na hilo la pili. Hadi miezi 6 hahitaji kitu kingine chochote, hata maji. Maziwa yanayotoka ndiyo yanayouambia mwili utengeneze mengine, kwa hiyo kila kikombe cha maji au maziwa ya kopo anachopewa kinapunguza maziwa yako.

Kama anapata ya kutosha utajua kwa nepi kuliko kwa kilio. Kuanzia siku ya tano, nepi 6 au zaidi zilizolowa kwa siku, mkojo usiokolea rangi, na choo cha njano kilaini. Watoto wengi hupungua uzito siku za mwanzo, kisha huurudia ule wa kuzaliwa kufikia wiki ya pili. Tutampima pamoja.

Matiti yako yamejaa na kukaza, ndiyo maana jana alishindwa kushika hata upande mzuri. Kabla ya kumnyonyesha, kamua kidogo tu kwa mkono mpaka ule weusi ulainike. Baada ya kunyonyesha weka kitambaa baridi.

Kukamua kwa mkono ni ujuzi ambao ningetaka kila mama aondoke nao, hata mwenye pampu, kwa sababu mkono unakuwa nao popote. Nawa kwa maji na sabuni. Tumia chombo chenye mdomo mpana kilichooshwa na kuchemshwa. Kaa ukiwa umetulia, mtoto akiwa karibu au hata nguo yake mkononi, kwa kuwa wasiwasi huchelewesha maziwa kushuka. Pangusa titi kwa kitambaa cha uvuguvugu na ulikande taratibu. Weka dole gumba juu na vidole chini, sentimita 2 hadi 3 kutoka kwenye chuchu. Sukuma kwanza kuelekea kifuani, kisha bana vidole vikutane, kisha achia. Rudia hivyohivyo. Vidole visiteleze juu ya ngozi, na usivute chuchu: haitoi maziwa, inaumia tu. Matone yatachelewa dakika moja au mbili, usikate tamaa. Yakipungua, zungusha vidole upande mwingine wa titi, halafu hamia titi la pili baada ya dakika 3 hadi 5, na urudi tena. Kwa jumla ni kama dakika 20 hadi 30. Ukipata kidogo haina maana ndicho kiasi ulicho nacho. Mtoto anayenyonya vizuri hutoa zaidi ya mkono.

Anza mazoezi wiki chache kabla ya kurudi kazini, mara moja kwa siku baada ya kumnyonyesha asubuhi. Kazini, kamua kila baada ya saa 3 hivi.

Hapa sasa ni kwa bibi. Maziwa yaliyokamuliwa yawekwe kwenye chombo safi chenye kifuniko, yaandikwe tarehe na saa, na ya zamani yatumike kwanza. Kwenye chumba kisichozidi nyuzijoto 25, yakae muda wa saa 4 tu. Yaliyokamuliwa saa 2 asubuhi yatumike kabla ya saa 6 mchana. Chumba kikiwa cha joto zaidi, yatumike mapema au yaingie frijini mara moja. Frijini yanakaa siku 4, yakiwekwa nyuma kabisa na si mlangoni, kwa sababu mlango ukifunguliwa joto hupanda na kushuka. Kwenye friza, ni bora yatumike ndani ya miezi 6. Gandisha kidogokidogo, kama mililita 60 hadi 120, na usijaze chombo mpaka juu kwa kuwa maziwa yakiganda hutanuka. Kutoka kazini, kasha la baridi lenye vipande vya barafu linayatunza hadi saa 24. Ukitaka kuongeza mapya kwenye ya zamani, yapoze kwanza.

Yaliyoganda yahamishiwe frijini usiku, na yakishayeyuka kabisa yatumike ndani ya saa 24. Yasigandishwe tena. Kuyapasha, tumbukiza chombo kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu. Yasichemshwe, wala yasiwekwe kwenye maikrowevu, ambayo huacha sehemu za moto zinazoweza kumuunguza mdomo. Yakishapashwa yatumike ndani ya saa 2, na yaliyobaki baada ya mtoto kuonja yamwagwe muda huohuo wa saa 2 ukipita. Inauma kuyamwaga, najua, ndiyo maana uhifadhi kidogokidogo. Mafuta yakijitenga juu si kwamba yameharibika. Zungusha chombo taratibu.

Mpeni kwa kikombe kidogo. Akae nusu wima, akiwa macho, ukingo wa kikombe uguse mdomo wake wa chini, maziwa yafike tu kwenye midomo, naye ayalambe mwenyewe. Msimmiminie, atapaliwa.

Ukipata homa ya nyuzijoto 38 au zaidi, baridi ya kutetemeka, au sehemu ya titi iliyowiva na kuuma, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo na uendelee kunyonyesha. Mtoto naye mpeleke haraka akilegea na kushindwa kuamka kunyonya, akiwa na homa, akizidi kuwa wa njano au nepi zikikaa kavu. Usiningoje mimi kwa hayo.

Nitakuja keshokutwa asubuhi na mizani. Nikikuta ananyonya, usimkatize kwa ajili ya mgeni. Nataka nione kidevu chake kilipo.