Zoezi la kuandika: elezea picha ya watu wanahamia nyumba mpya

Haya, picha ya leo ndo hii hapo juu, watu wanahamia nyumba mpya. Kazi yako ni kuandika nini kinaendelea na kila kitu kipo wapi, andika kama unamwambia mtu ambaye picha haioni kabisa. Kwa vitendo tumia vitenzi vyenye -na- (anavuta, anasukuma, wanacheka), na kwa mahali tumia juu ya, chini ya, mbele ya, nyuma ya, kati ya, ndani ya, nje ya, kando ya, karibu na. Upande wa kushoto wa picha pamoja na sebule nimeandika mimi uone inavyokwenda, upande wa kulia ni wako.

Kitu kimoja kabla hatujaanza, nikisema kushoto namaanisha kushoto kwako wewe unayeangalia, sio kushoto kwa mtu aliye kwenye picha, maana akikugeukia mkono wake wa kushoto unakua kulia kwako na hapo watu wengi wanachanganya.

Sasa maelezo yangu:

Mbele ya nyumba kuna lori. Mlango wa nyuma wa lori upo wazi, na ndani ya lori kuna friji, godoro na baiskeli. Friji ipo kati ya godoro na baiskeli. Kijana mwenye kofia nyekundu anashusha meza, mwenzake amesimama chini karibu na tairi, ananyoosha mikono aipokee. Juu ya lori, kwenye paa kabisa, kuna paka. Hashuki, anawaangalia tu.

Mlangoni kuna shida. Wanaume wawili wanaingiza kochi na kochi halipiti. Mmoja yupo ndani, anavuta, mwingine yupo nje, anasukuma, kochi lipo katikati yao na mguu wake mmoja umekwama kwenye fremu ya mlango. Nyuma ya huyu anayesukuma amesimama mama ameshika funguo, anawaelekeza kwa kidole, yeye anaonesha kushoto wao wanapeleka kulia. Kando ya mlango kuna maboksi matatu yamepangwa moja juu ya lingine. Pembeni ya maboksi mtoto amekaa kwenye ngazi ya kuingilia, anavaa viatu. Kiatu kimoja kipo mguuni, kingine ameshika mkononi.

Ngoja tusimame hapa kidogo. Umeona nimeandika amesimama, amekaa, ameshika, na sio anasimama, anakaa, anashika? Anayeanza kujifunza anaambiwa kitu kinachoendelea sasa hivi ni -na-, basi anaandika -na- kila mahali, alafu picha inakua ya ajabu. Anasimama maana yake ndo yupo katikati ya kuinuka. Mtu akishatulia hivyo, mkao umekamilika, tunasema amesimama. Ni hivyohivyo kwa kulala, kuinama, kuegemea, kuchuchumaa, na kwa nguo pia. Mtoto anavaa viatu, ni sahihi kwa sababu kimoja bado hakijaingia mguuni, ila kijana wa lori amevaa kofia, kofia iko kichwani tayari. Ukiandika anavaa kofia msomaji ataona mtu anaipandisha kichwani. Kwa hiyo kabla ya kuandika jiulize, kuna kitu kinasogea hapa au mtu yupo tu hivyo?

Tuendelee. Dirisha la sebule ni kubwa na bado halina pazia, kwa hiyo tunaona mpaka ndani. Katikati ya sebule kuna ngazi ya kukunja. Juu ya ngazi amesimama mdada, anafunga balbu. Chini yake, kati ya miguu ya ngazi, mbwa amelala fofofo na mdada nadhani hajui. Bibi amekaa kwenye kiti mbele ya televisheni, ila televisheni haijawashwa, waya wake upo sakafuni mbali na ukuta. Bibi anafungua boksi na kutoa vikombe, anavifuta kimoja kimoja, anaviweka juu ya zulia. Kwenye kona, nyuma ya kiti cha bibi, kuna boksi kubwa na mtoto mdogo yumo ndani yake, unaona nywele tu. Kaka yake anamtafuta nyuma ya mlango. Ukutani kuna picha imening'inia upande upande, na chini yake kuna nyundo.

Hii juu ya nayo ina mtego wake. Ukisema taa ipo juu ya meza, ni taa ya kuwekwa mezani au inaning'inia kutoka kwenye dari? Sentensi inakubali zote mbili. Kama kitu kimegusa, unaweza kuongeza imewekwa juu ya meza au ukasema tu ipo mezani, kama hakijagusa sema inaning'inia juu ya meza. Na usisahau kwamba mahali pengine -ni peke yake inatosha, mlangoni, ukutani, sakafuni, dirishani, huna haja ya kuandika kwenye mlango kwenye ukuta kwenye sakafu mpaka msomaji achoke.

Kabla hujaandika ya kwako, rekebisha hizi sentensi tatu, kila moja ina kosa zaidi ya moja:

Paka inakaa juu la lori.
Boksi kipo chini wa dirisha.
Mama anasimama nyuma na mwanaume na inashika funguo.

Sasa upande wako. Upande wa kulia wa picha kuna jiko, ua mdogo wenye uzio, na jirani. Anza na jikoni, baba yupo chini ya sinki, miguu tu ndo inaonekana, anafanya nini na kuna nini sakafuni pembeni yake? Ndoo ipo wapi? Alafu toka nje uani, kuna watoto wawili na mpira, mpira wenyewe haupo chini, utafute. Kuna kamba ya kuanikia nguo kati ya mti na nguzo, na juu yake kuna kitu ambacho sio nguo, mimi nilicheka nilipokiona. Mwisho ni jirani, angalia vizuri amesimama upande gani wa uzio, ameshika nini na anaongea na nani.

Andika sentensi 8 mpaka 10. Angalau 5 ziwe na neno la mahali na angalau 2 ziwe na -me- ya mkao au ya nguo. Usianze kila sentensi na kuna, kuna, kuna, geuza, anza na mahali wakati mwingine (Chini ya mti...) na mtu wakati mwingine (Jirani ame...). Usibuni vitu ambavyo havipo, jina la mbwa wala alichokula jana hatutaki, ila ukikisia weka nadhani au inaonekana, kama nilivyofanya mimi kwa yule mdada wa balbu.

Ukimaliza mpe mwenzako maandishi yako bila picha, na penseli, achore anachosoma. Akimchora jirani ndani ya uzio wakati wewe unamuona nje, usimlaumu mchoraji, isome tena sentensi yako ya jirani uirekebishe.