Neema, harusini sitafika, ila zawadi yenu inakuja

Mdogo wangu Neema,

Hongera tena. Kadi niliipata Jumatatu na nimeiegemeza kwenye runinga, kila anayeingia ndani anaisoma kabla hajakaa. Nimekawia kukujibu kwa sababu nilikuwa nahangaika kupangua mambo ili nije. Yamegoma. Afadhali nikwambie mapema kuliko kukuacha unanihesabu: Jumamosi yenu sitaweza kufika.

Mama mkwe alifanyiwa upasuaji wa nyonga wiki iliyopita. Karuhusiwa kurudi nyumbani, lakini hata kunyanyuka kitandani ni mpaka ashikwe, na shemeji yako yuko safari ya kikazi hadi mwisho wa mwezi. Wifi ambaye tungepokezana ana mtoto mchanga. Ningeweza kumwomba jirani akae naye saa chache, lakini unanijua. Ningeshinda ukumbini macho kwenye simu, na wewe ungeniona kutoka kule mbele.

Ahadi yangu ya mchango nimeimalizia leo asubuhi kwa mweka hazina wa kamati, na amenijibu kwamba imefika. Mchango ni wa harusi yenu, si kiingilio changu, kwa hiyo asije mtu akaanza habari za kunirudishia.

Zawadi ni mashuka ya futi sita kwa sita, meupe yenye ukingo wa samawati, pamoja na foronya nne. Nimempa shangazi yako awaletee nyumbani, yasije yakapotelea kwenye lile rundo la maboksi ukumbini. Risiti nimeichomeka chini ya foronya. Rangi isipowapendeza mkabadilishe, wala sitanuna. (Mwambie bwana harusi meupe yanafulika vizuri tu, asianze kulalamika.)

Halafu kuna hii kadi, inaingiza watu wawili, na najua jinsi kamati inavyobanwa na idadi ya sahani. Yule dada wa mapokezi wa ofisi yetu ya zamani amekuwa akiniulizia harusi yako kila tukikutana, na hajathubutu kukwambia kwamba angependa kuja. Ukiridhia, kesho nampelekea yeye na mumewe. Kama nafasi mnaihitaji kwa ndugu, niambie tu nimkabidhi nani, sitamgusia lolote.

Msalimie sana mama. Nitampigia mwenyewe leo jioni, maana hili hapaswi kulisikia kwa watu. Wewe siku hiyo sitakupigia, simu yako itakuwa mikononi mwa wasimamizi hata hivyo. Mkishapumzika, mje wote wawili mtusalimie, mama mkwe naye ameshasema anataka kumwona huyo bwana. Picha zikianza kutoka nirushie, ila naomba na zile za kucheza, si za kusimama peke yake.

Mungu awatangulie.

Dada yako,
Salome