Binamu, chura wako wa Kijapani nimemsoma mara kumi

Binamu shikamoo, ule ujumbe wako nimeusoma jana usiku huku Lindi umeme umekatika, nikasema leo simjibu kwa kifupi huyu. Yaani umeacha korosho zako huko Mikindani unatafsiri haiku, shairi fupi la Basho yule mshairi wa zamani wa Kijapani! Haya, ngoja kwanza niweke zote mbili hapa, maana nilivyomsomea mjomba alitaka azisikie kwa pamoja.

Ya Basho, ya mwaka 1686:

Furu ike ya
kawazu tobikomu
mizu no oto

Na yako:

Bwawa la kale
chura atumbukia
maji yalia

Kwanza nikupe haki yako, mizani imekaa. 5, 7, 5, nimehesabu kwa vidole mara mbili. Na Kijapani kwa hili ni kama ndugu yetu, silabi zake nyingi zinaishia na vokali, hata mjomba ambaye hajui neno moja la Kijapani alisoma bila kujikwaa. Ila alipomaliza akauliza "na vina viko wapi?" nikamwambia haiku haina vina, akanyamaza, akasema basi hilo si shairi hilo ni salamu. Tumwache.

Sasa kinachoniuma. Ile "ya" mwisho wa mstari wa kwanza wewe umeitupa. Ile si "ya" yetu, ni neno la kukata, msomaji anasimama hapo analitazama bwawa kwanza kabla chura hajaja. Wewe umetoka bwawani moja kwa moja mpaka kwa chura bila kupumua. Ungeweka hata "ee bwawa la kale" lakini mizani ingezidi, najua ndo maana hukuweka. Afu hapo kwenye kuzidi mi sioni shida sana, Basho mwenyewe ana shairi la kunguru kwenye tawi kavu ambalo mstari wa kati una 9 badala ya 7, sa wewe unaogopa nini?

Chura nae. Kijapani hakisemi ni mmoja au wengi, kawazu ni kawazu tu. Yule mwandishi Lafcadio Hearn alipotafsiri kwa Kiingereza aliweka vyura wengi, wengine wengi wanaweka mmoja. Sisi ngeli zinatubana, lazima a- au wa-, hakuna pa kujificha. Hapo siwezi kukulaumu, na mmoja ni bora, vyura wengi wakiruka si ukimya tena hiyo ni fujo, kama pale Rutamba mvua za kwanza zikinyesha.

Ila "atumbukia" hapana binamu. Kutumbukia ni bahati mbaya, mtoto anatumbukia kisimani, simu inatumbukia chooni. Tobikomu ni kuruka kuingia, kwa kutaka mwenyewe. Nilijaribu "ajitosa" nikacheka peke yangu, nikaona chura anagombea udiwani. Labda "arukia ndani" ila hiyo imekaa kama taarifa ya polisi. Sina jibu, ila tumbukia inamfanya chura aonekane mlevi. Kile kiambishi cha a- peke yake bila -na- nimekipenda lakini, kinafanya wakati usijulikane vizuri, leo au zamani, na Kijapani pale kipo hivyohivyo.

Sasa mstari wa tatu. Nilikuja na kisu mkononi nakwambia ukweli. Nilitaka kukwambia weka "sauti ya maji", ndo neno kwa neno, mizani moja ikizidi izidi. Afu nikaangalia tena. Mizu ni maji, oto ni sauti, na Wajapani wanaanza na maji wanamalizia na sauti, yaani shairi linakufia kwenye sauti. Ukisema "sauti ya maji" umegeuza, linaishia kwenye maji, sikio halibaki na kitu. Yako inaanza na maji inaishia na kulia. Umenishinda hapo.

Na kuna kingine sijui kama ulikusudia. Washairi wa Kijapani wa zamani walikuwa wakimtaja kawazu wanataja mlio wake, kila siku chura analia analia. Basho akamnyamazisha, akampa kuruka tu, na watu wakashtuka. Kijapani oto haina habari na kilio cha chura. Lakini Kiswahili chetu chura analia, ngoma inalia, mtoto analia, na sasa maji yalia. Yaani ule mlio walionyang'anywa vyura wote wa zamani umeenda kwa maji. Basho hana hicho, hicho ni chako, kimetoka kwenye kitenzi chetu bure kabisa.

Mjomba nilipomweleza hivyo akasema "kumbe" akaomba nirudie kusoma, mara hii polepole. Hilo la kutumbukia bado nakudai.