Barua ya Maombi ya Kazi ya Mratibu wa Ghala na Usafirishaji

Rehema Juma,
Sinza, Dar es Salaam.
3 Novemba 2025

Meneja Rasilimali Watu,
Kampuni ya Uchukuzi na Uhifadhi wa Mizigo,
Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MAOMBI YA KAZI YA MRATIBU WA GHALA NA USAFIRISHAJI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimefanya kazi miaka 7 katika supamaketi iliyopo Mwenge, nikianzia kaunta ya malipo hadi kuwa msimamizi wa stoo. Naitwa mtu wa duka, lakini kutwa nzima kazi yangu ni kupokea mzigo, kuuhakiki, kuutunza na kuutoa kwa wakati.

Duka letu lina mlango mmoja tu wa kushushia. Nilipokabidhiwa stoo, malori ya maziwa, soda na unga yalifika kwa pamoja asubuhi, na dereva aliweza kusubiri muda wa saa 3. Niliwauliza madereva wanatokea wapi na foleni inawashika wapi, kisha nikapanga ratiba na wasambazaji: maziwa ya Tanga saa 11 alfajiri, soda saa 4 asubuhi, unga mchana. Orodha ya mzigo nikataka itumwe jioni ya kuamkia siku ya kushusha, ili vibarua wajue mapema wanapokea nini na kinakwenda wapi. Leo dereva hasubiri zaidi ya dakika 45, na wasambazaji wawili wameacha kututoza gharama ya kuchelewesha gari.

Bidhaa inayokaribia kuisha muda hutoka kwanza, na hilo nalisimamia bila kulegea. Hasara ya bidhaa kuharibika ilishuka kutoka asilimia 3.2 ya mauzo hadi 1.4 ndani ya mwaka mmoja. Tunahesabu kundi moja la bidhaa kila wiki badala ya kungoja mwisho wa mwaka, hivyo tofauti kati ya rafu na kompyuta haifiki asilimia 0.5. Naongoza watu 11 kwa zamu mbili.

Nyaraka za forodha bado sijazifanyia kazi mwenyewe. Ndiyo maana nasoma kozi fupi ya uchukuzi na ugavi katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo. Tangu Bandari Kavu ya Kwala ilipozinduliwa Julai mwaka huu, nimefuatilia kwa karibu namna makontena yanavyosogezwa kwa reli nje ya jiji. Kontena likifika, lazima awepo mtu anayejua ghala lina nafasi kiasi gani na gari lipi lipangwe. Kazi hiyo naipenda na naiweza.

Nimeambatanisha wasifu wangu na nakala za vyeti. Mwajiri wangu anafahamu maombi haya na yuko tayari kuthibitisha takwimu nilizotaja. Kwa usaili nitafika siku yoyote mtakayopanga; nikiajiriwa, nitahitaji siku 28 za notisi.

Wako mtiifu,

Rehema Juma